Vifungo vitatu vya Mama Pindo

Mama Pindo alikaa dirishani miaka kumi na moja. Cherehani yake ilikuwa pale kabla karakana haijapakwa rangi. Pale mwanga ulitosha, ndiyo maana macho yake yalidumu, akaweza kutia uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi bila kuita mtu.

Halafu akaja Shemeji. Ni kaka wa mke wa mwenye karakana, kwa hiyo wote tukamwita hivyo, hata tusio na undugu naye. Alishona suruali zenye mguu mmoja mrefu, lakini mdomo wake ulikuwa umenyooka. Siku moja saa ya chakula akamwambia Mama Pindo, mbele ya mafundi wote: "Tucheze vifungo, dada. Atakayeshindwa akashonee kule mlangoni mwa choo."

Huo mchezo tunaucheza juu ya kipande cha mbao. Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, imeunganishwa katikati ya kila upande. Kila mtu ana vifungo tisa. Vyako vitatu vikikaa mstari mmoja, unakula kimoja cha mwenzako. Ukibaki na viwili umekwisha. Ukikosa pa kusogea, umekwisha pia.

Mama Pindo alikosa pa kusogea. Shemeji alimbana vifungo sita kwenye kona, na alipocheka tuliona mpaka magego. Jioni hiyo hiyo cherehani yake ikaburutwa mlangoni mwa choo, ya Shemeji ikakaa dirishani.

Mwaka mzima mama wa watu alishonea kwenye harufu. Hakununa. Alijifunza. Nyumbani alicheza na binti yake mkubwa kila siku baada ya kuosha vyombo, mpaka binti akaanza kuficha vifungo.

"Mama, unataka kumshinda au kumzika?"

"Kumshinda kwanza."

Mwezi uliopita akaweka ile mbao juu ya meza ya kukatia. "Shemeji, dirisha lile lile, choo kile kile."

Shemeji akaketi kama anayekuja kupokea zawadi. Walikulana hadi Mama Pindo akabaki na vinne, Shemeji vinne. Mwenye akili angembana hapo hapo, maana mwenye vinne husogea hatua moja moja. Lakini Shemeji akiona cha kula hajizuii. Akala.

"Vitatu, dada. Anza kufungasha."

"Asante," akasema Mama Pindo. Mwenye vitatu anaruhusiwa kuruka popote penye nafasi, habanwi tena konani. Akaruka mbali na vifungo vya Shemeji, akaruka tena, mstari ukatimia, akala kimoja. Sasa wote walikuwa na vitatu, na wote wanaruka.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiweka viwili kwenye mstari ukangojea cha tatu, mwenzako ataruka akazibe pengo. Mama Pindo akaweka viwili, Shemeji akaziba. Akaweka tena viwili upande wa chini, kwenye mstari unaotoka mraba wa nje kuingia ndani. Shemeji akaziba tena.

"Nitaziba mpaka kesho," akasema.

"Ziba tu, baba."

Mpiga pasi akaacha pasi ikipoa, akaja kusimama nyuma yangu.

Mama Pindo aliangalia vya Shemeji kwanza. Vilikuwa vimetawanyika kwa kukimbilia kuziba, hakuna viwili vilivyokaa mstari mmoja. Kisha akaangalia vyake. Kimoja kilikuwa kona ya juu kushoto ya mraba wa kati. Cha pili katikati ya upande wa chini wa mraba ule ule. Cha tatu kilikuwa nje, kwenye mstari uliokwisha kuzibwa, hakina faida. Akakinyanyua hicho. Mkono ukapita juu ya katikati ya upande wa kushoto, mahali ambapo angetengeneza pengo moja tu, la kuzibwa. Haukutua. Ukashuka mpaka kona ya chini kushoto.

Sasa kona ile ilikuwa mwanzo wa mistari miwili, mmoja wa kupanda, mmoja wa kwenda kulia. Mapengo mawili, na Shemeji ana mruko mmoja.

Shemeji akanyanyua kifungo, akakirudisha. Mpiga pasi akasema, "Shemeji, ziba basi, si ulisema mpaka kesho?"

Shemeji akaziba kulia. Mama Pindo akanyanyua kile cha katikati ya upande wa chini, akakiweka katikati ya upande wa kushoto. Vitatu, kutoka juu mpaka chini. Akachagua cha kula taratibu, kama anayechagua nyanya, akachukua kile Shemeji alichotoka kuzibia.

"Umebaki na viwili."

"Turudie mara tatu, dada. Hii ilikuwa ya kujipasha."

"Mwaka jana ulirudia?"

Akageukia dada yake, mke wa bosi, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai. Dada mtu akanywa chai.

Shemeji akaanza kuburuta cherehani yake. Mguu mmoja wa cherehani ukanasa kwenye ufa wa sakafu, akatazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia kuinua. Mama Pindo alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, ameegemea, anamtazama.

"Inua kwa magoti, Shemeji," akasema. "Mgongo utakuuma, na kule chooni hakuna jua la kuupasha joto."