Mikono ya Hidaya

Miaka ile ya vita, watoto waliokonda walipokuwa wakibebwa mgongoni kutoka vilima vya Muyinga, kila mama aliyefika kituo cha lishe aliomba mwanawe aangukie mikononi mwa Hidaya. Mtoto aliyekataa kikombe kwa wengine, kwake alikunywa. Alimpakata, akamnong'oneza, tone kwa tone, hadi maziwa yakaisha. Lakini mdomo wake, Mungu amsamehe. Wenzake walimwita Pilipili, na wawili walikuwa wameomba kuhamishwa.

Kulthumu, msimamizi wake, alitakiwa kumpa alama za mwaka. Wakubwa wa Gitega walitafuta wa kuongoza kituo kipya cha Giteranyi, na Hidaya alikitaka kwa moyo wote. Huko ndiko kwao. Huko alimzika mwanawe, aliyekufa wakiwa mafichoni.

Kazi yake haikuwa na swali. Mwenendo ndio uliomnyima Kulthumu usingizi. Kina mama wengine walificha maziwa ya mtoto mgonjwa ili wakawapelekee ndugu zake nyumbani, basi Hidaya akawa anapekua vitenge mlangoni, mbele ya watu. Siku moja alimkuta mama mmoja, Amisa, na kichupa cha maziwa. Akakiinua juu.

"Mtazameni anayemwibia mtoto wake."

Kesho yake Amisa hakumleta mtoto, wala siku zilizofuata. Kulthumu alipomfuata kilimani alikuta kaburi dogo, udongo bado mbichi. Amisa alimtolea kiti kwa adabu, kama mgeni wa heri.

Kulthumu, bintiye Shakila mgongoni, alimwita Hidaya ndani ya stoo, kwenye mifuko ya maziwa ya unga. Alianza na mema, akawataja watoto waliopona kwa majina yao. Kisha akamweleza habari ya kaburi.

Hidaya akainua uso. "Mi nilichunga maziwa ya mtoto, Mama Shakila. Ningeacha, wangekufa wangapi?"

"Wengi. Ndiyo maana upande wa kazi nimekupa alama za juu kabisa."

"Na Giteranyi?"

Shakila alilia mgongoni. Kulthumu akamtoa, akampa titi. "Wanaobaki unawaponya, dada. Wanaoona haya hawabaki. Nikikupa kituo kizima, hao nani atawarudisha?"

Hidaya aliutazama mdomo wa Shakila ukinyonya.

"Kule msituni watoto wangu walikuwa wanne," alisema. "Chakula kidogo nilichopata niligawa sawasawa. Sikutaka mmoja alie. Mdogo ndiye hakuweza."

Kulthumu alitamani kuibadilisha ile alama ya chini ya mwenendo. Hakuibadilisha. Hidaya akatia sahihi karatasi ya alama, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akarudi kwa watoto.

Giteranyi alipewa mwingine.

Asubuhi moja baadaye, mama mmoja alikuwa akitoka huku kitenge kimevimba kiunoni. Wenzake Hidaya wakasubiri kelele. Yeye akamvuta mama pembeni, akamuuliza polepole nyumbani wamebaki wangapi.

"Iko watatu," alijibu mama.

Hidaya alinyoosha mkono, akakipokea kichupa. Hakuwa na kingine cha kumpa badala yake.