Roboti Inasema Bado

Mtaani kwetu fundi viatu tulimpa jina la Kitochi, kwa sababu ya simu yake ya vibonyezo yenye tochi kichwani. Ukimtania, anakujibu hapo hapo: "Hii yangu ina chaji tangu Jumatatu. Yako inalala na waya kama mgonjwa." Mdomo alikuwa nao.

Mke alishatangulia, mwana kaoa kahama. Kilichobaki kwa Kitochi ni kibanda chake, sindano, nta, na ufunguo wa stoo ya kamati ya usafi. Ufunguo huo aliufunga kwa kamba kwenye mkanda kwa miaka kumi na moja. Ukitaka koleo, ilikuwa lazima umwamkie kwanza.

Siku moja katibu wetu, msusi wa pale kona, alichoka kupiga kelele kila Jumamosi kuhusu mtaro. Akaingiza roboti, programu ya kukumbusha kazi, kwenye grupu la kamati la simuni, akaipa uadmini, akaandika: kazi, kuzibua mtaro, inarudiwa kila Jumamosi, zamu inazunguka kwa watu wanne. Roboti inamtaja mwenye zamu saa mbili asubuhi, halafu kila saa mpaka saa kumi na mbili jioni, hadi abonyeze "Tayari". Wengine wakibonyeza haikubali. Asipobonyeza kabisa, inaandika "Haijafanyika" na kuweka rekodi.

"Na Kitochi je? Simu yake si haina grupu," nikauliza.

"Nimeweka namba ya mkwewe. Atambonyezea," msusi akasema, huku anavuta nywele za mteja.

Mke wa mwanawe. Yule ambaye siku anahama, Kitochi alisimama mlangoni akasema mbele ya majirani, "Leo nyumba imepata hewa." Mtaa mzima ulicheka. Mkwe peke yake hakucheka.

Zamu ya kwanza ya Kitochi, alfajiri saa kumi na mbili, tulimkuta ndani ya mtaro, suruali imekunjwa magotini, anatoa matope kwa koleo. Saa mbili alishanawa, yuko kibandani anagonga soli. Saa mbili hiyo hiyo roboti ikaita: "Fundi, zamu yako. Bado." Saa tatu: bado. Saa nne: bado. Mkwe alikuwa hewani, tunamwona. Hakubonyeza.

Nasi hatukumwambia mzee. Tulitengeneza stika. Uso wa Kitochi, chini yake neno "Bado". Ilisambaa mpaka kwenye magrupu ya harusi za watu. Sauti ya muuza nyama, mwenyekiti wetu, ikaingia: "Mwacheni mzee, labda anatafuta mtandao kwa tochi." Vicheko thelathini.

Huyo muuza nyama, zamu yake ikifika, alibonyeza "Tayari" akiwa bado kwenye shuka. Saa mbili na dakika moja. Mtaro wiki hiyo ulizibuliwa na Kitochi tena, maana maji machafu yakijaa yanaanzia kibandani kwake.

Miezi minne ikapita hivyo. Msusi akaitisha kikao saluni, akasoma ripoti ya roboti. Muuza nyama, nne kwa nne. Wengine wawili, tatu tatu. Fundi, sifuri kwa nne.

Kitochi alidhani wanatania. "Sifuri ya nini?"

"Ya mtaro, mzee wangu," mwenyekiti akasema kwa upole wa kuchinja. "Umekumbushwa mara arobaini na nne."

"Na nani?"

Kikao kikaangua kicheko. Msusi akamwonyesha skrini. Kitochi akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaona stika ya uso wake.

"Tokeni nje mkaangalie huo mtaro," akasema. "Nani mwingine mmewahi kumkuta mle?"

Mimi nilijua. Msusi alijua, dirisha lake linatazama mtaro. Akazungusha kiti chake, akaanza kupanga vitana.

"Sisi hatuwezi kuendesha kamati kwa kuangalia matope," mwenyekiti akasema. "Rekodi ni rekodi. Ufunguo, baba, utuachie."

Fundo la mkanda lilikataa. Kamba ya miaka kumi na moja. Akaomba kisu, hakuna aliyempa, akauvua mkanda, akaling'ata fundo kwa meno, watu wakageuza nyuso wasionekane wanavyocheka. Akauweka ufunguo mezani kati ya mafuta ya nywele. Akatoka na suruali ameishika kwa mkono.

Msusi akafuta jina lake kwenye orodha. Sekunde mbili. Roboti ikajibu kwenye grupu: "Fundi ameondolewa kwenye zamu. Wamebaki watatu."

Wa kwanza kuweka dole gumba alikuwa mkwewe.