Chale za Wachangiaji Damu

Simu za mkononi zilipoingia Bariadi, kampuni zikigombania wateja kama wanunuzi wa pamba, nilidhani tumepona. Nilikuwa nesi wa hospitali, na kazi ya kukusanya damu ilikuwa mikononi mwangu. Zamani tulitoa tangazo, watu wakaja wote asubuhi, wakachoka kusubiri, wakarudi shambani wakitutukana. Sasa kila mchangiaji alikuwa na saa yake. Mwanaume aliyetimiza miezi mitatu tangu atoe damu, na mwanamke miezi minne, nilimtumia ujumbe wiki moja kabla: njoo siku fulani, saa fulani, ule kwanza. Nilijivunia, sikatai.

Siku hiyo friji ya damu ilikuwa tupu. Wodi ya wazazi ilikuwa na binti aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Kundi lake lilikuwa O, na O hupokea O tu. Mumewe alikuwa A. Mama yake, tulipompima, damu yake mwenyewe ilikuwa haitoshi. Nikamwambia mama asihofu, wanaume watatu wa kundi O kutoka Ngulyati wana miadi ya saa tatu.

Walifika hata kabla ya saa tatu, wamevaa mashati ya kanisani. "Mwangaluka, mayu," wakanisalimu kwa Kisukuma, wakiniita mama kwa heshima. Uzito sawa, presha sawa, wingi wa damu safi kabisa. Nikaanza maswali. Umeugua malaria karibuni? Unatumia dawa yoyote? Umechanjwa chale?

"Ndiyo," akasema mkubwa wao, akafungua vifungo. Chale mbichi kifuani, dawa nyeusi bado imegandia.

"Lini?"

"Juzi, mayu. Ulitukumbusha mapema, tukapata nafasi ya kwenda kwa mganga. Damu ikitoka mwilini lazima ujikinge, mbaya wako asije akaichezea."

Wote watatu, kwa wembe mmoja. Nilitamani kuwazaba vibao. Wembe wa hivyo hubeba magonjwa ambayo vipimo vyetu visingeyaona mapema kiasi hicho, na utaratibu ulitaka wasubiri miezi. Walinisihi niwatoe damu hivyo hivyo. Daktari akakataa. Nilijua yuko sahihi, nikamchukia.

Tukaagiza damu Mwanza. Nikawapigia wachangiaji wengine wa O: huyu alitoa mwezi uliopita, yule ananyonyesha, wengine wako mnadani Mwandoya na simu hazipatikani. La kuvunda halina ubani. Binti alifariki mchana, gari la damu likiwa bado njiani.

Mama yake alitoka wodini akawaona wale wanaume watatu bado wamekaa kwenye benchi, wanaona aibu kuondoka.

"Hawa hawana damu?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya chale na ule wembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila chozi.

"Hata mwanangu tulimchanja," akasema. "Ili ajifungue salama."