Siku Sita za Kupaua

Kazi yangu pale ghalani Busia, upande wa Uganda, ilikuwa kuhesabu. Gunia likishuka kutoka kwenye lori nalihesabu, likipangwa ukutani nalihesabu tena. Mara ya kwanza ni ya kampuni. Mara ya pili ni yangu mwenyewe, maana upungufu ukitokea anayeulizwa ni karani, lori haliulizwi kitu.

Malango ya ghala yalikuwa mawili na makarani tulikuwa wawili. Lango moja langu, lingine la dada mmoja aliyevuka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya na kurudi kwake jioni. Aliniita jirani. Tulifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa juma, hivyo ndivyo karatasi za ajira zilivyosema. Lakini lori la sukari halisomi karatasi za ajira. Likiingia jioni, linashushwa jioni, na karani anabaki.

Saa hizo za kubaki hazikupotea bure, siwezi kusema uongo. Saa moja ya ziada ilihesabiwa kuwa moja na nusu, na ya sikukuu kuwa mbili. Unajumlisha, unagawa kwa nane, unapata siku. Siku hiyo ni yako: uichukue upumzike, ama uiuzie kampuni. Bei yake ni mshahara wa msingi wa mwezi gawanya kwa siku za kazi, ishirini na sita. Wa msingi tu. Posho ya nauli na ya chakula haziingii hapo. Niliuliza mara mbili.

Nilikuwa muuzaji. Kila baada ya miezi mitatu hesabu za siku zilipofungwa, wenzangu walipokuwa wakifikiria kupumzika, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya bosi nikidai pesa. Siku moja iliyouzwa ilinipa bati moja na misumari kidogo. Nikabeba bati langu Jumapili hadi nyumbani kijijini Sop Sop na kuliegemeza nyuma ya kitanda. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Mama watoto akawa analala na bati mgongoni. Alisema ameolewa na duka la vifaa vya ujenzi, tena lisilouza.

Mabati yalipotimia, kuta zilikuwa zimekwisha simama, za matofali mabichi ya udongo, ambayo hayakuona moto. Wakati wa mvua za mwaka uliotangulia tulizifunika kwa nailoni na nyasi, na bado kona moja ikayeyuka kama sukari guru kwenye chai. Fundi aliiziba, kisha akaniambia waziwazi: "Mzee, hii nyumba nangojea mvua moja tu. Ikikuta haina kofia, wewe nalima hapo viazi."

Ilikuwa mwezi wa tatu. Mvua haikuwa mbali. Pesa ya fundi nilikuwa nayo, mabati nilikuwa nayo, mbao nilikuwa nazo. Kitu kimoja sikuwa nacho, mtu wa kukaa pale chini kuhesabu misumari inavyopanda juu. Fundi yule ni mtu mzuri, lakini misumari yangu ilikuwa na tabia ya kupenda nyumba za watu wengine.

Robo ile ya mwaka nilikuwa na saa thelathini na mbili za ziada. Mara moja na nusu ni arobaini na nane. Gawa kwa nane, siku sita. Zikianza Jumatatu zinaisha Jumamosi, na Jumapili mbili, moja mbele na moja nyuma, zinaingia bure. Nikaenda kwa bosi.

"Bosi, nataka siku zangu sita."

"Unataka pesa ya siku sita."

"Hapana. Siku zenyewe."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa chumvi imeoza. "Wewe? Robo iliyopita umenisimamia hapa asubuhi nzima kwa sababu ya nusu siku. Leo pesa imekukosea nini?"

"Pesa haipandi kwenye paa, bosi."

"Ajiri mtu akusimamie."

"Na huyo naye nani atamsimamia?"

Akacheka, lakini kalamu haikusogea. Alisema magari ya sukari ni mengi, chukua pesa tu kama siku zote. Nikamwambia basi, kama ananunua siku ambayo siiuzi, apandishe bei. Hapo akaacha kucheka. Bei ya siku haina maongezi, alisema. Imegawanywa kwa ishirini na sita na itabaki hapo. Nimenunua baiskeli Malaba kwa nusu ya bei ya kwanza. Nimemfanya muuza viatu aongeze kamba bure. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kwanza mpakani niliyoikuta haina mlango.

"Subiri kidogo," akasema. "Magari yapungue."

Subiri ile niliifahamu. Mwezi wa tatu ukiisha robo inafungwa, na siku ambazo hazijasainiwa zinageuka pesa zenyewe na kuingia kwenye mshahara, upende usipende. Bosi angekaa kwa upole mpaka tarehe thelathini na moja, na siku zangu zingekuwa mabati mengine ya kuegemeza nyuma ya kitanda.

Nilikaa pale kitini. Sikuwa na ubishi, nilikuwa nimechoka tu, na kiti chake kilikuwa kizuri. Nadhani hilo lilimsumbua kuliko maneno. Mwishowe akasema, "Leta mtu wa kushika lango lako. Ukimleta, nasaini."

Mtu alikuwa mmoja tu duniani.

Nilimkuta jirani yangu amekalia gunia tupu anakula chapati na maharage. Nikamweleza.

"Unaenda kulala," akasema.

"Naenda kupaua."

"Mtu mwenye macho kama hayo hapandi hata stuli. Sawa. Mimi napata nini?"

"Utapata saa. Ukihesabu malango yote mawili, utabaki saa mbili kila siku. Ghala haliruhusiwi kukuweka zaidi ya hapo."

Akamega chapati bila kuniangalia. "Saa mbili mara siku sita ni kumi na mbili. Na nusu yake, kumi na nane. Hizo ni siku mbili na robo. Nina zangu tatu kasoro robo, na ile sikukuu imo. Jumla tano." Alikuwa amekwisha piga hesabu kabla sijafika. Nilisikia wivu kidogo. "Sasa sikiliza, jirani. Mimi siuzi. Mvua ya kwanza ikishuka, naenda nyumbani Siaya kupanda mahindi, siku zote tano. Wewe unabaki na malango mawili, na sitaki kusikia kwamba langu ni zito."

"Tatu."

"Tano."

"Nne, na chai ya saa nne juu yangu wiki nzima."

"Tano," akasema, "na chai juu yako."

Tukashikana mikono. Ndipo nilipoona jinsi mambo yalivyo. Mimi nikipumzika, yeye anachoka na kupata siku. Yeye akizichukua, mimi nachoka na kupata zangu. Uchovu wenyewe hautoki ghalani. Unabadilisha lango tu.

Bosi alisaini fomu yangu palepale. Ya jirani alisema ataisaini nikirudi, saa zake zikishatimia.

Nilifika nyumbani Jumapili. Jumatatu asubuhi fundi akaja na mwenzake, wakaegemeza ngazi, na mimi nikaweka kiti kivulini mahali ambapo naweza kuona mfuko wa misumari vizuri. Nilimwona fundi akichukua konzi ya kwanza. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilipofungua macho jua lilikuwa limehamia upande wa pili, shingo imekauka, na kanga ya mama watoto iko magotini pangu.

"Mafundi wameuliza kama wewe ni mgonjwa," akasema.

"Ukawaambia nini?"

"Nimewaambia una kazi ya mshahara."

Jumanne nikaapa. Nilinawa uso kwa maji baridi, nikakaa wima, nikalala. Jumatano nililala kabla ya chai. Nyundo zilikuwa zinagonga juu ya kichwa changu na mimi nalala kama mtoto aliyepigiwa ngoma. Kila nilipozinduka nilimkuta mama watoto amesimama chini ya ngazi, mkono kiunoni, mfuko wa misumari kwenye mkono mwingine.

"Umehesabu?" nikamuuliza.

"Nimehesabu."

"Mara mbili?"

"Tatu. Mbili ni za kwako wewe mvivu."

Fundi akapiga kelele kutoka juu: "Mzee, huyu mama nahesabu hata msumari yenye imepinda! Rudi kazini, sisi nakufa huku!"

Jumamosi paa likaisha. Bati moja lilibaki, na mama watoto akasema kwa sauti ya upole, ambayo ni mbaya kuliko ya ukali, kwamba kumbe hata mimi huwa nazidisha hesabu. Lilikwenda kwenye banda la kuku. Jioni tulikaa ndani ya nyumba tupu tukitazama juu. Mbingu ilikuwa kavu kabisa. Nilitamani inyeshe nikiwa pale, hata kidogo, nisikie nilichonunua. Haikunyesha.

Jumatatu nikarudi langoni. Jirani alikuwa na macho yangu yale ya zamani. Tukaingia pamoja kwa bosi na fomu yake, kabla robo haijafungwa, ili siku zibaki siku.

Bosi akaigeuza mbele na nyuma. "Nyabo," akamwita jirani kwa Kiganda, "hapa tarehe hakuna."

"Tarehe anaweka Mungu, bosi."

"Mungu si mfanyakazi wa hapa."

"Ndiyo maana hachoki," akasema. "Saini tu. Mvua ikianza nitaandika."

Akatutazama mmoja mmoja. Lango lina mtu, saa zimetimia, na foleni ya malori nje inapiga honi. Akasaini.

Siku zikapita na joto. Jirani aliweka mfuko wa mbegu za mahindi nyuma ya lango lake, na kila mchana alitoka nje kutazama juu. Nilimnunulia chai wiki nzima, kama tulivyokubaliana, na Jumatatu iliyofuata akaidai tena, nikainunua.

Mvua ilikuja mchana mmoja baada ya saa tisa, bila kupiga hodi, ikapiga mabati ya ghala mpaka wapakuzi wakaacha kusikilizana. Jirani alimaliza gunia alilokuwa nalo, akaandika tarehe kwenye fomu, akaipeleka mezani kwa bosi. Akarudi akajitwika mfuko wa mbegu kichwani.

"Jirani," akapaza sauti, "ni zamu yako kuchoka."

Akapita kwenye mvua kuelekea mpakani, hata hakukimbia.

Nikasimama katikati ya malango mawili, lori upande huu na lori upande ule. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mama watoto, lakini hakuwa anaongea. Ilikuwa kelele tu, nene, kama mtu anamwaga mahindi kwenye debe bila kukoma. Nilidhani simu imeharibika. Kisha nikaelewa ameinyanyua juu, kuelekea paa.

"Inavuja?" nikapiga kelele.

"Haivuji!"

"Angalia tena!"

"Nimeangalia. Rudi kazini."

Akaiacha simu wazi. Nikaibana sikioni, mvua ya ghala la kampuni ikipiga sikio hili na ya nyumba yangu ikipiga sikio lile, na magunia yakinipita mbele.

"Karani!" mpakuzi akaita. "Tumefika gunia la ngapi?"

Sikujua. Nikawaambia magunia yote yaliyokwisha pangwa wayateremshe chini, tuanze kuhesabu upya. Walinitukana kwa lugha nne, na sikubishana hata na moja.