Bingwa Alivyovuliwa Ubingwa

Fundi wa kutengeneza cherehani alijiita Bingwa, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa dukani kwake alikuwa peke yake. Alipofungua chaneli ya video, akaipa jina bila kuuliza mtu: Fundi Bingwa. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, tafuta kwanza kama jina lina mwenyewe." Thubutu! Bingwa aulize?

Siku ya Jumatano dada yake akapiga simu kutoka mbali. Cherehani yake ilikuwa inaruka mishono, na gauni la bibi harusi lilitakiwa Jumamosi. Walijaribu kuelekezana kwa mdomo: "Kile kidude cha chini." "Kipi?" Wakaishia kugombana.

Bingwa akajirekodi mikono ikirekebisha cherehani, kisha akampigia. "Dada, nimekuwekea video. Tafuta Fundi Bingwa."

Jioni dada akapiga tena, anafoka. "Nimetazama mwanzo mpaka mwisho! Pampu ya kisima inanihusu nini?"

Bingwa akaandika jina lake kwenye simu ya mkewe. Lahaula! Fundi Bingwa wa pampu, mwenye video za miaka sita. Fundi Bingwa wa pikipiki. Fundi Bingwa wa vigae. Yeye mwenyewe alikuwa huko chini kabisa. Mbaya zaidi, kwenye video ya pampu, iliyoonyesha mikono tu, dada alikuwa ameandika: "Mdogo wangu, mbona mikono imekonda? Kula." Na yule mtu kajibu: "Asante dada, nitakula."

"Hata mikono yangu dada haijui!" Bingwa aliumia kweli.

Mkewe, fundi nguo, hakumwonea huruma. "Mtu akiharibikiwa na cherehani hatafuti bingwa. Anaandika cherehani. Weka neno hilo kwenye jina."

Wakajaribu "Fundi Cherehani". Wakaja washonaji wa magauni tele. "Cherehani Bora" lilikuwa duka. "Cherehani ya Bingwa," Bingwa akapendekeza kwa unyonge, na mkewe akamkata jicho. Mwishowe wakaandika "Tiba ya Cherehani". Hakuna aliyekuwa nalo. Wakalitafuta pia kwenye vipindi vya kusikiliza na kwenye mitandao mingine. Kweupe. Bingwa akabadilisha jina la chaneli, na video akaiita "Cherehani inaruka mishono", kama dada alivyolalamika. Roho ilimuuma, lakini afanyeje?

Ijumaa asubuhi akapiga simu. "Dada, andika Tiba ya Cherehani."

Ikapita saa nzima. Bingwa hakugusa kazi, akawa anaipangusa meza iliyokwisha takata.

Kumbe sindano ilikuwa imegeuzwa, ubavu bapa ukatazama mbele badala ya nyuma. Dada akaigeuza, mshono ukanyooka. Kisha akaandika chini ya video, mbele ya ulimwengu mzima:

"Kovu la dole gumba nalijua, nilikuchoma mimi ulipoiba uzi wangu. Sasa huyu ndiye mdogo wangu. Gauni limekwisha."

Bingwa akamsomea mkewe mara tatu.

"Ubingwa je?" mkewe akamuuliza.

"Namwachia yule wa pampu," akasema. "Amwambie dada kama amekula."