Krispi Zilizomwagika Kwenye Rangi Nyekundu

Wazungu walipoyaacha mashamba yao makubwa ya karanga pale Nachingwea, wengi walibaki na ujuzi usio na kazi. Mimi nilibaki na makopo ya rangi. Nilikuwa nimeandika namba kwenye matrekta yao na vibao kwenye kambi zao, na sikuona haya kusema kwamba kutoka pale hadi Ruangwa hapakuwa na mkono wa kushindana na wangu. Sioni haya hata leo.

Dada yangu naye alibaki na ujuzi alioupata jikoni kwa Wazungu hao. Alikuwa ametoka kwa mume huko Chinongwe, na sababu zake zilionekana shingoni, alama za vidole vya mumewe. Mjomba wetu, ambaye katika ukoo wetu ndiye mwenye neno la mwisho, alimwekea sharti. Akiweza kujilisha, akae nami. Akishindwa, ufuta ukishavunwa atarudishwa kwa mumewe. Niliposikia hayo nilikasirika mpaka nikakosa usingizi, lakini mjomba hajibizwi.

Dada akaanza kukaanga krispi za muhogo. Aliukata muhogo mtamu vipande vyembamba, akauosha mpaka wanga wote ukatoka, akaukausha kwa kitambaa, kisha akautia kidogo kidogo kwenye mafuta ya moto. Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko alikubali kuziuza kwa niaba yake. Alitoa pakiti za karatasi isiyopitisha mafuta, dada akazifunga kwa gundi ya unga, zikakaa kwenye debe lenye kifuniko zisije zikalegea. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kilichomo. Mwanamke mmoja aliuliza kama ni dawa ya kuku.

"Chora tangazo, fundi," Mhindi akaniambia. "Chora pakiti."

"Pakiti iliyofungwa wanaiona hapo kwenye kaunta na hawainunui," nikamjibu. "Nitaimwaga."

Nilichukua ubao, nikaupaka nyekundu iliyobaki ya matrekta. Wengine wangepaka njano kwa kuwa inang'aa, lakini krispi juu ya njano zinapotea. Juu ya nyekundu zilitoka zenyewe. Niliilaza pakiti upande, mdomo wazi, krispi zikitiririka nje, kubwa zikiwa mbele, kingo zimejikunja, nyingine zina malengelenge ya mafuta. Chini ya kila moja nikatia kivuli chembamba, maana bila kivuli krispi inaelea hewani kama nzi. Mwisho nikadonoa chumvi kwa ncha ya brashi. Dada alipoiona alimeza mate, nami nikajua kazi imekwisha.

Siku ya soko tuliutundika ubao juu ya kaunta, watu wakajaa. Walinunua, wakafungua, wakatazama ubao, wakarudi kwenye kaunta.

"Na zile za nje ziko wapi?"

Mhindi hakuelewa. Mimi nilielewa mara moja, nikacheka. Sokoni kwetu vitu vinauzwa kwa mafungu, na muuzaji mwenye adabu akishakupa fungu lako anakutilia nyongeza juu. Watu waliona pakiti ikiwa bado imetuna, na kando yake fungu limemwagwa. Kwao picha ilikuwa inasema wazi kabisa: pakiti ni yako, na hizi za nje ni nyongeza.

"Umeniharibia duka!" Mhindi akafoka. "Zifute hizo za nje, au mtoe debe lenu hapa leo hii!"

"Sifuti hata moja," nikasema. "Hiyo ndiyo picha."

Tulikuwa tukitazamana hivyo dada alipoingia. Aliwasikiliza wanunuzi, akautazama ubao, akatoka. Alirudi na sinia la vipande vilivyovunjika, vile ambavyo haviingii kwenye pakiti na kila siku vilikuwa vikiishia kwa watoto wa jirani. Akasimama kando ya kaunta.

"Haya, aliyenunua alete mkono."

Mikono ikaja. Kabla ya adhuhuri debe lilikuwa tupu, na Mhindi alikuwa ananiita fundi kwa sauti nyingine.

Ufuta ulipovunwa, mjomba alikuja. Hakuja nyumbani, alikuja moja kwa moja dukani. Dada alimwamkia akiwa ameshika sinia. Mjomba aliuangalia ubao kwa muda mrefu. Akanunua pakiti, kisha akafungua kiganja cha pili. Dada akakijaza. Mzee akatafuna taratibu, huku watu wakimsukuma wapite.

"Mumeo yuko pale nje na baiskeli," akasema. "Nimekuja naye tukuchukue. Nitamwambia aende zake, una kazi."

Dada akashusha pumzi. Nilidhani atalia. Badala yake alichukua pakiti nyingine, akaiweka mbele ya mjomba.

"Mpelekee na hii asisikie njaa njiani, mjomba. Lakini ilipiwe."

Mjomba akaingiza tena mkono mfukoni.