Chakada Chini ya Salamu

Mkitaka kumjua Binapani Bariha, msimtazame akiwa ametulia, maana hatulii. Mtazameni akiwa ameshika karatasi ya watafiti mkono mmoja na simu yake yenye kioo kilichopasuka mkono wa pili, ananuna, anafuta, anaandika upya. Tunafanya kazi kituo kimoja cha kilimo hapa Bargarh, mimi maabara ya udongo, yeye chumba cha pili. Ukuta ni mwembamba, kwa hiyo hasira zake zote nimezisikia, na nyingi nimeziunga mkono.

Kazi yake ni kuchukua tahadhari za wadudu, zilizoandikwa kwa lugha yetu, Kiodia, tena Kiodia cha vitabuni ambacho hata karani wa mahakama angekitafuna mara mbili, na kuzifanya ziingie kwenye simu ya mtu aliyesimama matopeni. Hekta anaigeuza ekari. Kipimo cha dawa anakigawa kwa tangi la pampu ya mgongoni, kwa sababu hakuna mkulima anayenyunyiza hekta, wote wananyunyiza matangi. Anakwepa maneno yenye herufi zilizopandana, maana kwenye simu za zamani zinageuka vijisanduku vitupu. Mdudu anampa jina la shambani. Akimaliza, anampa Sukanti, mama muuza chai wa getini, asome kwenye simu ya Sukanti mwenyewe. Sukanti akikwama, Binapani anarudi mezani akisonya.

Septemba ile, Daktari Nilamadhab Rath, mkuu wetu, alikuta chakada wengi kwenye mtego wa taa. Sitamsingizia, mdudu anamjua. Chakada ni yule kidudu wa kahawia anayefyonza mpunga kule chini kwenye shina, na ukizubaa shamba linaungua kwa mabaka ya duara kana kwamba mtu amepita na kiberiti. Daktari aliandika tahadhari siku hiyohiyo, akampa Binapani, naye kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameipunguza hivi:

"Chakada ameingia kwenye mpunga. Leo toa maji shambani, acha pakauke siku tatu nne. Tenganisha mimea, angalia chini kwenye shina. Ukihesabu kumi kwenye shina moja, nyunyiza. Elekeza pampu chini, si juu ya majani. Usiweke urea sasa."

Jina la dawa na kipimo cha tangi vilifuata, basi. Sukanti aliisoma bila kukwama hata mara moja.

Daktari akaisoma, akakuna kidevu.

"Binapani, hii imekuwa kama amri ya polisi. Na keshokutwa ni sikukuu ya Nuakhai. Tutatumaje ujumbe bila salamu?"

"Sir, chakada hasherehekei Nuakhai."

"Heshima, mama, heshima. Weka salamu za sikukuu, weka kwamba ni kwa maelekezo ya mkurugenzi, jina lake, jina la mwenyekiti wa mradi, na langu. Kisha hayo yako yafuate. Sijakata neno lako hata moja."

"Sir, simu inaonyesha mistari ya juu tu. Inayobaki inafichwa mpaka mtu aguse 'soma zaidi'. Hayo majina yatakula nafasi yote."

"Si watagusa? Wakulima wetu si watoto."

"Nani anagusa salamu, Sir? Wewe mwenyewe jana ulifuta ngapi?"

"Hii ni ofisi ya serikali, si kijiwe," akasema, na mlango ukafungwa. Ujumbe ukaenda hivyo, umevaa shada la maua la kuchorwa juu yake. Niliusikia ukuta wetu ukipigwa ngumi, na chai yangu ikamwagika.

Sasa nyinyi mnaojua Nuakhai, sikukuu yetu ya mchele mpya, mnajua wiki ile simu zinavyokuwa. Kila mwanasiasa na picha yake, kila mwenye duka na viganja vyake vilivyounganishwa kwa salamu, heri za "Nuakhai Juhar" mamia kwa mamia, mpaka simu inalia imejaa. Watu wanafuta kama wanavyofagia uwanja. Sisi tukala wali wa mchele mpya, tukainama miguuni pa wazee, tukapiga ngoma. Binapani alikwenda kwao kijijini, akamsalimu mdogo wake Gobardhan, anayelima mpunga huko, akaona alama mbili za buluu kwenye simu yake mwenyewe, za kuonyesha kuwa ujumbe wa chakada aliomtumia umefunguliwa, akaridhika. Walizungumza habari za mama yao na goti lake. Maji yalikuwa bado yamesimama shambani kwa Gobardhan.

Gobardhan alikuja kituoni zaidi ya wiki moja baada ya sikukuu. Hakubisha hodi. Aliingia na mashina ya mpunga yaliyong'olewa na mizizi yake, yamekauka rangi ya majani ya kuezekea, akayatupa juu ya meza ya dada yake, tope likaruka kwenye kompyuta. Nilitoka maabara mbio.

"Shamba lote la chini," alisema. "Lote, dada! La kukodi! Nitamwambia nini mwenye ardhi? Watoto watakula sikukuu mwaka mzima?"

"Gobardhan, nilikutumia. Nimeona umefungua."

"Ulinitumia nini?"

"Ujumbe wa chakada! Toa maji, usiweke urea!"

"Urea niliweka wiki iliyopita!" Akapiga meza. "Ulinitumia maua! Maua na majina ya wakubwa! Nikasema, hata dada yangu siku hizi ananisalimu kwa jina la mkurugenzi. Nikafuta. Ulikuja nyumbani, ukala wali wangu, mdomo wako ulikuwa na kazi gani?"

Binapani akautazama ujumbe kwenye simu yake, shada la maua juu kabisa. Nilitamani kumtetea nikashindwa, maana jamaa alikuwa na haki.

Daktari alitokea mlangoni kwa kelele ile. Akaokota shina moja, akaligeuza, akaona vidudu vichache vilivyokufa kwenye maganda. Kwa sekunde nilidhani ataomba radhi.

"Pole sana," akasema. "Lakini taarifa ilitoka kwa wakati. Kumbukumbu zipo. Na ilisomwa."

Nawaambieni kweli, ningekuwa na kiatu kigumu ningemrushia.

"Ilifunguliwa, haikusomwa!" Binapani alifoka, na mpaka Sukanti getini aligeuka. "Tulikuwa na dakika moja ya macho ya huyu mtu, tukampa mkurugenzi! Mashamba ya juu bado yapo, Sir. Kuna vijiji ambavyo maji hayajatolewa mpaka sasa. Ninatuma tena, na safari hii sikuletei uone."

"Ukituma bila idhini nitakuandikia barua ya kukutaka ujieleze."

"Andika. Tena andika kwa Kiodia chepesi, nisije nikaifuta."

Daktari akaondoka, uso umemwiva. Binapani akaketi, akafuta tope kwenye kibodi kwa ncha ya sari yake, akafungua ujumbe. Aliondoa maua. Aliondoa mkurugenzi, mwenyekiti, daktari. Mistari yake ikapanda juu, peupe. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kutuma.

"Subiri," Gobardhan alisema. Alikuwa bado amesimama, mikono ina matope, sauti imekwisha. "Juu kabisa, pale wakubwa walipoweka majina yao, weka jina langu. Gobardhan Bariha, na kijiji. Andika kwamba nilifuta ujumbe, na shamba limeungua. Watu wananijua, watasoma."

"Watakucheka, mdogo wangu."

"Waache wacheke huku wanatoa maji."

Binapani akaandika jina la mdogo wake.